Kushukuru ni Kuomba Tena: Risala ya Mradi wa Maji Mbele ya Wafadhili

Katika miradi ya maji ya vijijini nchini Tanzania, shukrani kwa wageni wa nje hutolewa kwa njia ya risala, yaani hotuba iliyoandikwa na kusomwa kwa niaba ya wananchi mbele ya mgeni rasmi. Kwa desturi risala hiyo huanza kwa kutambua vyeo vya waliohudhuria, au kwa njia ya mkato ya kusema kwamba itifaki imezingatiwa, kisha husimulia mradi ulivyoanza na fedha zilizotumika, hutaja changamoto mbili tatu karibu na mwisho, na hufunga kwa maombi mapya. Watu husema kushukuru ni kuomba tena, na waandishi wengi wa risala huichukua kauli hiyo kwa wepesi wake wote: sifa zikiwa nyingi, ombi litapokewa vizuri. Matokeo yake ni kwamba sehemu ambayo mgeni angeihitaji kuliko zote, ile inayoeleza maji yanatoka wapi, yanafika wapi, yanapotea wapi na fedha zake zinakwenda wapi, hupewa aya moja fupi, kana kwamba hesabu ni jambo la kuwachosha wageni juani.

Wafadhili wana sababu ya kihistoria ya kuisubiri aya hiyo. Mwaka 1971 Serikali ya Tanzania ilitangaza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi karibu na makazi yake kabla ya mwaka 1991, na nchi wahisani zikagawana mikoa: Ufini ikashika Mtwara na Lindi, Denmark ikashika Iringa, Mbeya na Ruvuma, nayo Uswidi ikajikita katika mikoa ya Ziwa, ambako kuanzia mwaka 1985 hadi 2002 iligharimia mpango ulioitwa HESAWA, uliounganisha maji, usafi na afya katika Mwanza, Mara na Kagera. Visima vilichimbwa, pampu zikafungwa, wageni wakaja na kuondoka, na vingi vya visima hivyo vikanyamaza baada ya muda kwa sababu kijiji hakikuwa na fedha ya kipuri wala fundi wa kukifunga. Vituo vya maji vya vijijini vilipohesabiwa nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2010, ilionekana kwamba karibu vinne katika kila kumi havikuwa vikitoa maji. Mjumbe wa shirika la nje anayeketi chini ya turubai leo anazijua takwimu za aina hiyo, na huenda ofisi yake imewahi kuulizwa kuzihusu na bunge la nchi yake. Risala isemayo kwamba mradi unaendelea vizuri haimpi chochote cha kujibu.

Hata uhusiano wenyewe wa Tanzania na wahisani uliwahi kuzorota kwa kukosa hesabu ya wazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kila upande ulimshuku mwenzake, wahisani wakilalamikia misamaha ya kodi na fedha zisizoeleweka, Serikali ikilalamikia masharti na kuingiliwa, mpaka Denmark ikagharimia kundi la wataalamu huru lililoongozwa na mchumi wa Kanada, Gerald Helleiner, ambalo ripoti yake ya mwaka 1995 ilizikosoa pande zote mbili. Kutokana na mazungumzo yaliyofuata ndipo ilipokuja kuzaliwa miaka ya baadaye MPAMITA, yaani Mkakati wa Pamoja wa Misaada Tanzania. Makubaliano ya ngazi hiyo hayasomwi kijijini, lakini wazo lake la msingi, kwamba anayetoa na anayepokea wote wawili wanawajibika kutoa hesabu, linaifaa kamati ya maji kama linavyoifaa Hazina.

Namna hesabu hiyo inavyoweza kuandaliwa huonekana vizuri zaidi katika mfano mmoja unaofuatwa mpaka mwisho. Mfano unaotumika hapa umetungwa kwa ajili ya maelezo, ingawa tarakimu zake ni za ukubwa unaoweza kukutwa katika mradi wa kawaida. Kijiji kina wakazi 3,500. Mradi una kisima kirefu, pampu inayoendeshwa kwa umeme wa jua, tangi lililoinuliwa juu ya mnara, mtandao wa mabomba na vituo 14 vya kuchotea maji, ambavyo watu wa kanda nyingi huviita magati au vilula. Idadi hiyo ya vituo haikuokotwa, kwa kuwa Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kiwango cha kituo kimoja kwa watu 250, kisichozidi mita 400 kutoka kwenye makazi, na lita 25 kwa mtu kwa siku, na 3,500 zikigawanywa kwa 250 hupatikana 14. Mradi unaendeshwa na chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, yaani chombo kilichoundwa na wanakijiji wenyewe chini ya sheria ya mwaka 2019, ileile iliyoanzisha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, unaokisimamia.

Katika risala ya kawaida mradi huu ungeelezwa kwa sentensi moja: vituo 14 vimejengwa na wananchi 3,500 wananufaika. Sentensi hiyo si uongo, ila ni hesabu ya vilivyojengwa, na mgeni tayari anayo, kwa sababu ndiye aliyevilipia. Anachokuja kutafuta ni hesabu ya vinavyofanya kazi, na katika mfano huu vituo vinavyotoa maji ni 12. Viwili vilivyobaki ni vikavu kwa sababu mbili zisizofanana, na kamati inayoandika tu kwamba vituo viwili vina changamoto inamnyima mgeni jambo la maana kuliko yote, kwa kuwa kimoja kinahitaji bomba na kingine kinahitaji mchoro mpya.

Kituo cha kwanza kilikauka baada ya mvua kubwa kuchimbua bomba lililopita chini ya korongo. Shimo linaonekana, na kipande cha bomba kimechukuliwa na maji. Kituo cha pili hakijawahi kutoa maji mchana tangu kizinduliwe. Dalili yake ni kwamba saa nane za usiku, wakati vituo vingine vyote vimefungwa, maji hufika, na kunapopambazuka hukoma. Hiyo humwambia fundi kwamba bomba halijaziba wala kupasuka, bali kituo kimewekwa mahali pa juu mno kulingana na kimo cha tangi, kiasi kwamba msukumo wa maji, yaani nguvu inayotokana na tofauti ya urefu kati ya tangi na bomba, hupungua mara tu watu wanapofungua vituo vya bondeni. Kosa hilo ni la usanifu, nalo lilitokea kwa sababu upimaji ulifanywa kabla kitongoji hakijapanuka kuelekea kilimani. Haimdhalilishi mtu yeyote kulisema mbele ya wageni. Kunyamaza ndiko kunakogharimu, maana wageni wakiona shimo la korongoni peke yake wataleta bomba, bomba litatandikwa, na kituo cha kilimani kitabaki kama kilivyo.

Baada ya vituo huja maji yenyewe. Dira, yaani mita inayopima maji, zipo za aina mbili katika mradi huu: dira kuu iliyofungwa pale maji yanapotoka kwenye tangi, na dira ndogo zilizofungwa kwenye kila kituo. Kwa wastani wa miezi 12 dira kuu inaonyesha lita 40,000 kwa siku, lakini jumla ya dira za vituo ni lita 27,000. Tofauti ya lita 13,000, ambayo ni karibu theluthi moja, huitwa upotevu wa maji, na neno hilo lina hatari yake, kwa kuwa kijijini watu wakisikia upotevu hufikiri mara moja juu ya wizi, na minong'ono huanza. Kamati ya mfano huu ilifanya jaribio lisilohitaji mtaalamu: usiku mmoja vituo vyote vilifungwa, fundi akakaa kwenye tangi na tochi, akasoma dira kuu saa tano na kuisoma tena saa kumi. Hapakuwa na mtu aliyechota, lakini dira iliendelea kuzunguka kwa kiasi cha lita 450 kila saa. Kwa saa 24 hiyo ni kama lita 10,800, ijapokuwa mchana msukumo unaposhuka uvujaji nao hupungua kidogo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maji yanayopotea inavuja ardhini kupitia maungio ya mabomba, na kinachobaki cha kutiliwa shaka ni kidogo mno kuliko ilivyovumishwa.

Kutoka kwenye dira hesabu huingia kwenye fedha, na hapa ndipo waandishi wa risala huogopa zaidi. Dumu la lita 20 linauzwa shilingi 50. Lita 27,000 ni madumu 1,350, yenye thamani ya shilingi 67,500 kwa siku, au shilingi 2,025,000 kwa mwezi wa siku 30. Daftari la benki linaonyesha kwamba kinachowekwa ni shilingi 1,560,000, na pengo ni shilingi 465,000 kila mwezi. Mgeni mwenye kikokotoo ataliona pengo hilo kwa dakika mbili akipewa tarakimu hizo mbili bila maelezo, na akilikuta mwenyewe atalieleza kwa namna yake katika ripoti ya safari, yaani taarifa ambayo kila ujumbe huiandikia ofisi yake ukirudi kwao. Ni afadhali akute kamati imelifikia kabla yake. Dira za vituo vya shule na zahanati zinaonyesha kwamba sehemu hizo mbili hutumia lita 4,000 kwa siku, nazo hazilipi, kwa kuwa kijiji kiliona aibu kuwatoza wanafunzi na wagonjwa. Lita hizo, kwa bei ileile, ni shilingi 300,000 kwa mwezi. Kinachobaki bila maelezo ni shilingi 165,000, na kamati ilipolinganisha dira ya kila kituo na makabidhiano ya muuzaji wake iligundua kwamba karibu kiasi chote kinatoka kwenye vituo viwili, ambako wauzaji walikuwa wakiandika mauzo kwa kukadiria jioni badala ya kusoma dira asubuhi na jioni.

Sentensi chache kama hizo zinatosha kubadilisha sura ya taarifa nzima. Kilichokuwa kikiitwa ubadhirifu kimegawanyika: sehemu kubwa ni uamuzi wa kijiji ambao haukuwahi kuandikwa popote, na sehemu ndogo ni udhaifu wa utunzaji wa hesabu ambao umeanza kurekebishwa. Neno "changamoto", ambalo katika Kiswahili cha ofisini limekaribia kulifukuza kabisa neno tatizo, lisingeweza kulibeba jambo hilo. Mwenye kusema kwamba kuna changamoto ya makusanyo hajasema kama fedha zimeibwa, zimesamehewa au hazikuandikwa, na mkalimani naye atalihamisha neno likiwa tupu kama alivyolipokea. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa kazi hii: imekatika, imevuja, haikulipwa, haikuandikwa.

Hesabu ya mwisho ndiyo inayomgusa mfadhili kuliko zote, nayo ni ya uhai wa mradi baada ya yeye kuondoka. Gharama za kuendesha mradi huu, yaani posho za wauzaji, ujira wa fundi, mlinzi na mtunza hesabu, pamoja na matengenezo madogo, ni shilingi 1,320,000 kwa mwezi, na akiba inayobaki ni shilingi 240,000, ambayo kwa mwaka hufika shilingi 2,880,000. Ikiwa pampu pamoja na kifaa chake cha kuongozea umeme zitahitaji shilingi 18,000,000 siku zitakapokufa, kijiji kinahitaji zaidi ya miaka 6 kuzikusanya, na pampu haitoi ahadi ya kusubiri muda huo. Shilingi 165,000 zikirudi kwenye daftari, akiba ya mwaka huwa shilingi 4,860,000 na muda hupungua hadi chini ya miaka 4. Taarifa inayosema hivyo haijajisifu wala haijalia. Imemwonyesha mgeni mahali ambapo mradi utaokolewa au utafia.

Ziara yenyewe ina udhaifu ambao wenyeji wanaufahamu kuliko wageni. Wajumbe wengi huja kiangazi, barabara zikipitika, na hukuta foleni ya madumu kwenye kila kituo. Masika watu hukinga maji ya paa na kurudi kwenye visima vya zamani na madimbwi, ambako hakuna anayewatoza, na mauzo hushuka sana. Wenyeji waliozoea kupaka rangi na kufagia njia siku mbili kabla ya ugeni hawaoni faida ya kulitaja jambo hilo. Hata hivyo wastani wa mwaka hauwezi kueleweka bila hilo, na orodha ya mauzo ya mwezi mmoja mmoja, ikiwa na miezi yake mibaya, humwonyesha mgeni kwamba tatizo la masika haliko kwenye pampu bali kwenye bei, na kwamba afya ya watoto katika miezi hiyo haijabadilika kama ilivyotarajiwa. Pengine hapa ndipo unyofu unapokuwa mgumu kuliko kwenye fedha, maana unagusa lengo lenyewe la msaada.

Suala la nani ashukuriwe nalo lina utaratibu wake. Risala nyingi humshukuru mfadhili kana kwamba alikuja na jembe mkononi, na kuwasahau waliochimba mitaro kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja isiyolipwa, waliotoa viwanja bure kwa ajili ya vituo, na halmashauri au wakala aliyelipia upimaji. Kuwataja hao mbele ya mgeni hakupunguzi shukrani yake, kwani baadhi ya mashirika ya nje hutakiwa kuonyesha kwamba walengwa walichangia, na mchango uliokadiriwa kwa siku za kazi na mita za mtaro ni ushahidi wanaoweza kuondoka nao. Kinachotosha kwa upande wa mfadhili ni kutaja hasa alichotoa, kwa mfano kisima, pampu na mabomba, kiasi kilichotumika, na bakaa, yaani fedha zilizobaki bila kutumika, pamoja na mahali zilipo. Fedha za msaada huja kwa sarafu ya kigeni na kubadilishwa kuwa shilingi kwa viwango tofauti, kwa hiyo bakaa ndogo hutokea hata pale ambapo kila kitu kimenunuliwa kwa uangalifu, na isipoandikwa ndiyo huzaa barua za maswali mwaka unaofuata.

Risala husomwa mara moja na kusahauliwa na upepo. Kinachobaki ni barua. Desturi ya kuandika barua ya shukrani baada ya ziara imefifia kwa kuwa watu huona risala imeshamaliza kazi, ilhali barua inayofika ndani ya wiki moja huwakuta wajumbe wakiandika ripoti yao ya safari na huweza kuambatishwa. Barua hiyo hairudii risala. Hufungua kwa shukrani ya sentensi mbili, kisha hujibu maswali ambayo wageni waliuliza njiani na hayakupata jibu, kwa mfano kwa nini muuzaji wa kituo cha sokoni hakuwa na daftari siku ile, na hutaja ahadi ambazo kila upande ulitoa, ili zisije zikakumbukwa kwa namna mbili. Husainiwa na mwenyekiti na mtunza hesabu wa chombo cha maji, na nakala hupelekwa kwa meneja wa RUWASA wa wilaya na kwa ofisi ya kijiji, jambo linalozuia mfadhili na Serikali kuelezwa mambo mawili tofauti.

Ombi huja mwisho, nalo likifuata hesabu huwa limekwisha kujiandika lenyewe. Kijiji cha mfano huu kingeweza kuomba kisima cha pili, na sababu ingepatikana kwa urahisi, kwani lita 27,000 kwa watu 3,500 hazifiki hata lita 8 kwa mtu, mbali sana na 25 za sera. Lakini maji mapya yakiingizwa kwenye mabomba yanayopoteza karibu theluthi, karibu theluthi yake itapotea pia. Kwa hiyo barua yao inaomba ushirikiano wa mwaka mmoja katika mambo mawili: kutafuta na kuziba maungio yanayovuja, na kumlipia mhandisi atakayechora upya njia ya maji kuelekea kitongoji cha kilimani, ikiwezekana kwa kuongeza tangi dogo huko juu litakalojazwa usiku, saa ambazo maji tayari hufika. Kijiji kinaweka shilingi 1,500,000 za akiba yake na nguvu kazi ya mitaro. Bomba la korongoni kitalinunua chenyewe bila kuomba. Kipimo kilichokubaliwa ni vituo 14 vinavyotoa maji mchana na upotevu usiozidi moja ya tano, na kikishindikana kijiji hakitaomba kisima cha pili mpaka sababu ijulikane. Suala la shule na zahanati litapelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambako msamaha utaandikwa rasmi au utaondolewa. Wajumbe wanakaribishwa tena mwezi wa Aprili, wakati wa masika, wakijua kwamba huenda wakalazimika kuacha gari barabarani na kutembea.

Kamati inayotarajia wageni mwezi ujao inaombwa ifunge vituo vyote usiku mmoja wiki hii na kusoma dira kuu, kabla haijatuma mtu kwenda kukodi turubai na viti.